Redio ya Upande wa Pili

Ami yangu anakaa Wete, Pemba, na redio yake haikai mbali naye. Ni redio ndogo ya betri, mlingoti wake ulikatika zamani, akafunga waya wa shaba unaopanda mpaka kwenye nondo za dirisha. Kila asubuhi akishamaliza chai huitoa nje akaiweka juu ya baraza, na stesheni anayoifungua ni moja tu: ile anayoiita mwenyewe "ya wenyewe", yaani ya wale ambao hajapata kuwapigia kura tangu siku aliyoandikishwa. Haipendi hata kidogo. Wasomaji wa habari wa hapo anawajua kwa sauti, mmoja mmoja, na kila mmoja kampa jina la utani ambalo siwezi kuliandika hapa.

Anaifungua kwa ajili ya matangazo ya vifo. Nani kafariki, anazikwa wapi, baada ya sala gani; kwa mtu wa umri wake hilo si jambo la kukosa. Lakini matangazo hayaji peke yake. Habari ziko jirani yake, na zikianza, Ami haizimi redio. Anazisikiliza zote huku midomo ikimtikisika, anamjibu msomaji, mara kimoyomoyo, mara kwa sauti mpaka shangazi anachungulia kuona nani kaja. Jioni dele la kahawa likizunguka na dhumna zikigongwa, hakuna pale barazani anayejua kuliko yeye upande wa pili umesema nini siku hiyo, kwa maneno gani, na wapi wamejichanganya.

Ninamleta Ami kwa sababu siku hizi kuna kauli moja imetuzoea sana, kwenye semina na kwenye vijiwe: kwamba kila mtu amejifungia na wenzake, anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia ukutani, na habari inayopingana na msimamo wake haitaki hata kuiona. Wataalamu wanakiita chumba cha mwangwi. Kauli hiyo inaingia akilini upesi, na ndiyo maana inanitia shaka. Ami, mtu wa msimamo kuliko wote ninaowajua, anasikiliza redio ya wapinzani wake kuliko wanavyoisikiliza wao.

Fikra yenyewe ina umri. Mwaka 1940 mwanasosholojia Paul Lazarsfeld na wenzake walikwenda katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio huko Marekani, wakachagua watu 600 na kuwarudia mara kwa mara, kuanzia Mei mpaka uchaguzi wa urais wa Novemba. Waliwauliza wanasoma nini, wanasikia nini, wanakusudia kumpigia nani. Waligundua kwamba wafuasi wa kila chama waliyapata zaidi maneno ya chama chao kuliko ya chama cha pili. Kitabu chao kikatoka mwaka 1944, na miaka iliyofuata matokeo yale yakasomwa kwa namna moja: watu wanakwepa wasichokipenda.

Ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka watafiti wawili, David Sears na Jonathan Freedman, walipoandika mwaka 1967 kwamba hapa mambo mawili yamechanganywa. Kuwa na masikio yaliyojaa maneno ya upande mmoja ni jambo moja. Kuyataka maneno hayo na kuyakimbia mengine ni jambo la pili. Mkulima anayekaa kijiji ambacho jirani, mwenye duka na shemeji yake wote ni wa chama kimoja atayasikia ya chama hicho kutwa, na hakuna mlango aliomfungia mtu. Walipozipitia tafiti zilizojaribu kupima ile hamu ya kukwepa yenyewe, walikuta ushahidi wake ni dhaifu.

Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa mara mbili. Katika uchaguzi wa mwaka 1995 chama cha CUF kilichukua viti vyote 21 vya Pemba katika Baraza la Wawakilishi. Huku Unguja hali ilikuwa kinyume: CCM ilikiachia CUF viti 3 tu. Mtoto aliyezaliwa Wete mwaka ule alikulia ndani ya mazungumzo ya aina moja, dukani, bandarini, kwenye gari ya kwenda Chake. Mwenziwe wa Makunduchi naye vivyo hivyo, kwa upande wake. Ukiwapima wote wawili leo utakuta masikio yao yamelalia upande mmoja sana, na mwenye haraka ataandika kwamba Wazanzibari hawataki kusikilizana. Kumbe alichokipima ni jiografia.

Basi tunajuaje kama mtu anakwepa kweli? Kumuuliza hakutoshi. Mtu akiulizwa anasikiliza nini hutaja kinachomsitiri, na Ami mwenyewe ukimuuliza atakuapia kwamba ile redio haisikilizi, anangojea vifo tu. Inabidi milango yote miwili iwe wazi, kisha utazame miguu inaelekea wapi.

Hilo limefanywa mara nyingi. Mwaka 2009 wanasaikolojia wakiongozwa na William Hart walizikusanya pamoja tafiti 91 za namna hiyo, zenye washiriki karibu 8,000. Mtu anawekewa maandishi yanayomuunga mkono na yanayompinga, anaachwa achague. Jumla yake ilionyesha kwamba uwezekano wa kuchukua yanayomuunga mkono ulikuwa karibu mara 2 ya kuchukua yanayompinga. Kwa hiyo tusijidanganye, ile hamu ya kusikia la kwetu ipo. Lakini ndani ya tafiti hizo hizo mlikuwa na jambo ambalo halitajwi sana: pale maneno ya upande wa pili yalipokuwa na kazi ya kumfanyia mtu, yalipomsaidia kufikia shabaha aliyokuwa nayo wakati ule, mwelekeo uligeuka, akayachukua hayo. Na mtu anayekwenda barazani jioni kubishana ana kazi nayo.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Kelly Garrett, kwa sababu haukuishia kwenye kuchagua. Mwaka 2005 aliwapata wasomaji 727 wa tovuti mbili za habari za Kimarekani, moja ya mrengo wa kushoto na nyingine ya mrengo wa kulia, yaani watu wenye misimamo mikali, si vuguvugu. Aliwawekea orodha ya habari za kisiasa, na kompyuta ikawa inaandika kila walichofungua na muda waliokaa nacho. Habari iliyoonekana kumuunga mkono msomaji ilimvutia wazi wazi. Habari iliyoonekana kumpinga ilimpunguzia hamu ya kuifungua, lakini kidogo mno. Na akishaifungua, kadiri ilivyokuwa na mengi ya kumpinga ndivyo alivyokaa nayo muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo nilipomwona Ami. Kupenda la kwetu na kukimbia la wenzetu si ncha mbili za kamba moja, kwamba ukivuta huku kule kunapungua. Mtu anaweza kuwa na shauku kubwa ya la kwanza na asiwe na woga wowote wa la pili. Na ule muda mrefu si dalili ya kushawishika. Mtu anapita haraka juu ya anachokubaliana nacho, kama anayesalimia jirani njiani. Anachokataa hukisimamia, akakigeuza, akatafuta penye ufa.

Utafiti huu una mipaka yake. Wale ni wasomaji wa Marekani, ni wapenzi wa siasa, na kwenye orodha yao hamkuwa na kingine isipokuwa siasa. Hilo la mwisho si dogo. Nyumbani kwa Ami habari zikianza kuna watu wanaoondoka kweli: binamu zangu. Hawaondoki kwa sababu stesheni ni ya upande wa pili. Hata iwe ya upande wao wataondoka, wanakwenda kukaa chini ya mwembe na simu zao, Simba na Yanga, tamthilia, vichekesho. Watafiti Kevin Arceneaux na Martin Johnson walilichunguza jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 2013: waliwapa watu vipindi vya kisiasa vya pande zote, kisha wakaongeza vipindi vya burudani na kuwaachia rimoti. Wengi wasiopenda siasa walihamia kwenye burudani, na nguvu ya vile vipindi vya ushabiki ikapungua, kwa sababu waliobaki kuvitazama walikuwa wenye msimamo tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, mkwepaji wa habari yupo, ila mara nyingi anazikwepa zote kwa pamoja. Ukuta uliopo pale Wete si baina ya Ami na wapinzani wake. Ni baina ya Ami na watoto wake.

Sasa twende kwenye swali gumu. Tuseme mtu ameisikia sauti ya upande wa pili, tena yote. Inamfanya nini?

Kuna utafiti mmoja uliofanywa ndani ya daladala. Wenyewe Waghana wanaziita tro-tro, lakini ukizitazama ni zile zile, basi dogo lililojaa, konda mlangoni, redio imefunguliwa na dereva na wewe abiria huna kauli. Jeffrey Conroy-Krutz na Devra Moehler waliliona hilo kuwa bahati kwa mtafiti. Ghana ina vyama viwili vikubwa, NDC na NPP, na ina stesheni zinazojulikana kuegemea huku au kule. Wakafanya mpango wa bahati nasibu: tro-tro hii isikilize mazungumzo ya kisiasa ya stesheni inayoegemea serikali, ile stesheni ya upinzani, nyingine stesheni isiyoegemea, na nyingine redio isifunguliwe kabisa. Abiria akishuka anaulizwa maswali. Kwa kuwa gari alilopanda ni la bahati tu, tofauti yoyote ya majibu haiwezi kusingiziwa kijiji alikotoka wala mapenzi yake ya zamani. Ile shida ya Erie imekwisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Waliosikilizishwa redio ya upande wao hawakuzidi ukali kwa kiwango cha kuonekana. Waliosikilizishwa redio ya upande wa pili walilegea, wakawa na msimamo wa wastani zaidi kuliko wenzao. Hawakuhama chama, tusikuze mambo. Walilegea.

Ukisimama hapo utasema dawa imepatikana: tusikilizishane. Lakini mwaka 2018 Christopher Bail na wenzake walitoa matokeo yaliyokwenda kinyume. Waliwalipa watumiaji wa Twita huko Marekani dola 11 wafuate akaunti ambayo kila siku, kwa mwezi mzima, iliwaletea ujumbe 24 wa viongozi na watoa maoni wa upande wa pili. Wafuasi wa Republican walitoka na msimamo mkali zaidi kuliko walivyoingia. Wale wa Democrat walisogea kidogo kwa upande wao, lakini si kwa kiwango cha kuweza kusema ni matokeo ya jaribio.

Kwa nini daladala ilegeze na simu ikaze? Watafiti hawajapanga majaribio hayo mawili yashindane, kwa hiyo ninachosema hapa ni changu. Mule garini unasikia mazungumzo marefu, mtu anajieleza, anapigiwa simu, anapingwa, anarudi. Umekaa na wengine bega kwa bega, huwezi kumtukana msemaji kwa sababu jirani yako pengine ni wa kwake. Kwenye simu unapigwa vijembe 24 kwa siku, kila kimoja kimekatwa ili kiume, na uko peke yako. Vyote viwili vinaitwa kusikia upande wa pili. Ni kama kusema mtu aliyepikiwa pilau na mtu aliyerushiwa punje za mchele wa moto usoni wote wamepata wali.

Kwetu sisi kuna ushahidi mkongwe zaidi wa hili, na hauhitaji simu. Katika miaka ya mwisho ya 1950, zama ambazo wazee wetu mpaka leo wanaziita "wakati wa siasa", visiwa hivi vilikuwa na magazeti mengi kwa watu wachache. Mwongozi lilikuwa likisimama na chama cha ZNP, Afrika Kwetu likisimama na mpinzani wake, ASP. Wahariri walikuwa wakisomana kwa makini mkubwa, huyu akiandika yule anamjibu, na aliyekuwa hajui kusoma alisomewa barazani. Hakuna aliyeweza kudai hajui wenzake wanasema nini. Na ndio wakati ule ule watu waligomeana madukani, wakasusiana harusi, wakafikia kususiana hata mazishi. Fitina ile haikutokana na ukimya baina ya pande mbili. Maneno ya kila upande yalikuwa yakifika kila siku, na yalifika kama yalivyokusudiwa yafike, yakiwa na miba.

Baadaye, katika enzi za vyama vingi, pale Michenzani maskani ya Kisonge ikawa na ubao wake ulioelekea barabarani, wenye maneno ya chaki ya wafuasi wa CCM. Jaws Corner ndani ya Mji Mkongwe wakakaa zaidi wafuasi wa upinzani. Sijapata kumjua mpinzani aliyepita Michenzani akafumba macho. Ubao ule uliandikwa wausome wao.

Mwanafalsafa C. Thi Nguyen ameliweka jambo hili vizuri kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wanaviita jina moja. Kuna povu, ambalo ndani yake husikii sauti nyingine kwa sababu haikufiki. Hilo hupasuka kwa sindano moja, sauti ikifika tu. Na kuna chumba cha mwangwi chenyewe, ambacho ndani yake sauti nyingine zinakufika zote, ila umeshafundishwa mapema kwamba wenye sauti hizo si watu wa kuaminika. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea habari za upande wa pili humponyi. Kila inayoingia inathibitisha alichoonywa: "Si nilikwambia watasema hivi?"

Tazama klipu inavyosafiri katika makundi yetu ya Wasapu. Kiongozi wa upande wa pili kasema jambo mkutanoni, dakika 40. Inayofika kwenye simu yako ni sekunde 30, na juu yake pameandikwa "Msikieni huyu" pamoja na vile vikatuni vinavyolia kwa kucheka. Kikundi chote ni cha watu wa mawazo yako, lakini nusu ya maneno yanayopita humo ni ya wapinzani wenu. Mtafiti akija kuhesabu maneno tu atasema kundi lina mizani nzuri. Tafsiri imefika kabla ya habari, na aliyeileta ni mtu unayemwamini.

Ndiyo maana hata kuubadilisha mtambo wa mtandao hakukuleta mengi. Wakati wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2020, watafiti kwa kushirikiana na kampuni ya Facebook yenyewe waliwapunguzia watumiaji zaidi ya 23,000 habari za watu wenye mawazo kama yao, kwa kiasi cha theluthi moja, kwa miezi mitatu. Walichokiona machoni kilibadilika. Misimamo yao na chuki zao hazikuonyesha mabadiliko yanayopimika.

Kama ningepewa fedha za kufanya utafiti hapa Zanzibar, nisingeanza na "Unasikiliza stesheni gani?" Ningemuuliza mtu mambo matatu. Upande wa pili wamesema nini wiki hii? Lilikufikia kwa mkono wa nani? Na la tatu: katika watu wa upande ule, yupo hata mmoja ambaye akikwambia jambo utaliamini kabla hujauliza mwengine? La kwanza linapima povu. La pili linaonyesha njia. Anayefaulu la kwanza akakwama la tatu, huyo yumo chumbani hata awe na redio nne.

Nilimjaribu Ami mwezi wa Ramadhani uliopita, tumekaa tunangojea adhana ya magharibi. La kwanza alinijibu kwa robo saa, na tarehe juu. La pili akaionyesha redio kwa kidevu. La tatu likamnyamazisha. Akaangalia njiani, akachezea waya wake wa shaba, nikadhani kakasirika.

"Yupo mmoja," akasema mwisho. "Yule anayesoma vifo. Huyo hajapata kunidanganya hata siku moja."